Mkono Umerudi, Hatari Bado Ipo Shingoni

Mwezi Mei 1954, katika Hospitali ya St Mary's jijini London, alikuwepo mama wa miaka 66 aliyekuwa akisumbuliwa na jambo la ajabu. Ghafla tu upande wake wa kulia ungelegea na maneno yangempotea kinywani. Baada ya muda mfupi nguvu zingerudi, angeongea kama kawaida, na mtu ambaye hakuwepo asingejua kwamba kuna lililotokea. Hali hiyo ilikuwa imempata mara 33 katika miezi michache.

Madaktari walimpiga picha za mishipa wakaona mshipa mkubwa wa shingo, upande wa kushoto, umesinyaa mno pale unapogawanyika. Tarehe 19 Mei, wapasuaji Felix Eastcott na Charles Rob, wakiwa na profesa wa tiba George Pickering, walimpoza mwili kwa barafu hadi nyuzijoto 28 ili ubongo wake uweze kuvumilia kukosa damu kwa muda. Wakaubana mshipa, wakakata kipande kibovu, wakaziunganisha ncha mbili zilizobaki. Mashambulio hayakurudi tena.

Taarifa yao ilichapishwa mwaka huohuo katika jarida la Lancet, na ndiyo iliyowafanya wapasuaji wengi duniani waamini kwamba kiharusi kinaweza kuzuiwa kwa kisu. Lakini kinachonishangaza mimi katika kisa hiki ni ile hesabu ya 33 kuliko barafu na kisu. Mama yule alipewa maonyo mengi kupita kiasi. Watu wengi wenye ugonjwa kama wake hupewa onyo moja au mawili, na wengi zaidi hupigwa na kiharusi kamili bila onyo lolote. Anayepata onyo moja na kulipuuza hana hakika ya kupata la pili.

Mshipa tunaouzungumzia unaitwa karotidi. Ukiweka vidole viwili pembeni ya koo, chini kidogo ya taya, utausikia ukipiga. Tunao miwili, kulia na kushoto. Karibu na pembe ya taya kila mmoja hugawanyika: tawi la nje hulisha uso, ulimi na ngozi ya kichwa, tawi la ndani hupanda hadi kwenye jicho na sehemu kubwa ya mbele ya ubongo. Pale kwenye njia panda damu haipiti kwa utulivu, huzungukazunguka. Kwa miaka mingi, hasa kwa mvutaji wa sigara, mwenye shinikizo la damu, kisukari au kolesteroli nyingi, ukuta wa mshipa mahali hapo huanza kujengeka gamba la mafuta, makovu na chokaa. Gamba likinenepa, njia ya damu inasinyaa.

Wengi wakisikia hivyo hudhani kiharusi hutokea kwa sababu damu haitoshi kupita. Mara nyingi si hivyo. Ubongo una akiba: karotidi ya upande wa pili na mishipa miwili inayopanda kupitia uti wa mgongo wa shingo, yote ikiunganishwa kwa duara chini ya ubongo. Wapo watu ambao karotidi yao moja imeziba kabisa na hawajui, kwa kuwa nyingine zimebeba mzigo. Hatari kubwa hutokea gamba linapochanika. Chembe sahani za damu hukimbilia pale palipochanika kana kwamba ni jeraha la kawaida, hushikamana na kutengeneza donge, na kipande cha donge hilo hubanduka na kusafirishwa na damu hadi kwenye kijishipa cha ubongo. Kikiwa kidogo, huyeyuka baada ya dakika chache na mkono hurudi. Kikiwa kikubwa, sehemu ya ubongo hufa. Kwa hiyo mkono uliorudi haumaanishi kwamba tatizo limekwisha. Unamaanisha kwamba donge la kwanza lilikuwa dogo, na kiwanda cha madonge bado kipo shingoni, kibichi na kazini.

Kiharusi hiki cha mpito kina alama zake, na alama hizo zinafuata ramani ya mishipa. Karotidi ya kushoto ikitupa donge, mkono au mguu wa kulia hulegea, uso huanguka upande wa kulia na mara nyingi mtu hushindwa kutamka au kupata neno alilolitaka. Ya kulia ikitupa donge, upande wa kushoto ndio unaolegea. Jicho ndilo linalowachanganya watu, maana linafuata upande uleule wa mshipa mbovu. Mgonjwa husimulia kwamba jicho moja liliingia giza kama pazia lililoshushwa kutoka juu, likakaa hivyo dakika kadhaa, kisha pazia likapanda.

Daktari wa Kanada, Miller Fisher, ndiye aliyeunganisha mambo haya mawili kwa uwazi alipokuwa Montreal, akachapisha kazi yake mwaka 1951. Alikuwa amekutana na mgonjwa aliyepooza upande mmoja ambaye alimsimulia kuwa kabla ya kupooza, jicho la upande mwingine lilikuwa likipofuka kwa muda. Daktari mwingine angeweza kudhani mgonjwa anachanganya kulia na kushoto. Fisher alimwamini, akaanza kuchunguza shingo za waliofariki, na huko akakuta karotidi zilizoziba. Katika andiko lilelile alitabiri kwamba siku moja upasuaji wa mishipa ungepata njia ya kuwasaidia watu hawa. Miaka mitatu baadaye yule mama wa London alikuwa mezani.

Kuna dalili ambazo zikiwa peke yake hazitokani na karotidi, ingawa watu huzikimbilia: kizunguzungu pekee, kuzimia, kuona giza macho yote mawili unaposimama ghafla, ganzi ya mikono yote miwili. Hizo zina sababu zake na zinastahili kuchunguzwa, ila njia yake ni nyingine. Na yuko mgonjwa wa kisukari aliyechoma insulini asile chochote. Sukari ikishuka sana anaweza kulegea upande mmoja na kuongea ovyo kama mwenye kiharusi. Kumpima sukari kwa tone la damu huchukua chini ya dakika moja, na hakuna sababu ya kituo cha afya kutofanya hivyo kwanza.

Sasa tuchukue mfano wa kutunga, ila wenye mambo yanayotokea kila wiki. Mzee wa miaka 71, mstaafu wa Tabora, aliyevuta sigara kwa miaka mingi na anayemeza dawa za presha anapokumbuka. Jumatatu saa moja asubuhi kikombe cha chai kinamponyoka mkono wa kulia. Binti yake anamuuliza, "Baba, vipi?" Mzee anajaribu kujibu, maneno yanatoka yamevurugika. Baada ya dakika kumi anakunja ngumi, anaikunjua, anacheka: "Ah, mwanangu, ni ganzi tu. Nililalia mkono." Jirani aliyeingia kuamkia anasema presha ilipanda. Shangazi anasema ni upepo, apakwe mafuta na asitoke nje siku tatu. Wote wanamtakia mema, na wote wanamtia hatarini.

Kwa nini hatarini? Kwa sababu baada ya kiharusi cha mpito, hatari ya kiharusi kamili haijigawi sawasawa katika miezi inayofuata. Imejazana mwanzoni. Kabla ya madaktari kuanza kulichukulia jambo hili kwa haraka, karibu watu 10 kati ya 100 waliopata onyo walipata kiharusi ndani ya siku 90, na karibu nusu yao walikipata ndani ya siku mbili za kwanza. Pale Oxford, Uingereza, Profesa Peter Rothwell na wenzake walibadilisha jambo moja tu: badala ya kumpa mgonjwa miadi na barua ya kumpelekea daktari wake, walimwona siku ileile na kumwanzishia dawa papo hapo. Matokeo waliyoyachapisha mwaka 2007 yalikuwa haya: viharusi vya siku 90 vilishuka kutoka karibu 10 hadi 2 kati ya kila wagonjwa 100. Dawa zilikuwa zilezile za zamani. Kilichobadilika ni siku ya kuanza.

Binti wa mzee wetu hakumsikiliza shangazi. Kufika saa nne wako hospitali ya mkoa. Sukari imepimwa, iko sawa. Presha ni 178 kwa 96. Kipimo cha umeme wa moyo hakionyeshi mapigo yasiyo na mpangilio, jambo linalopunguza uwezekano kwamba donge lilitoka moyoni. Picha ya sitiskani ya kichwa haionyeshi damu iliyovuja. Hatua hii ya picha isirukwe, na hasa kwetu. Katika nchi zetu presha isiyotibiwa ni nyingi na viharusi vya kuvuja damu ni sehemu kubwa, nazo aspirini na wenzake zinaweza kumwumiza aliyevuja. Yeyote ambaye bado ana udhaifu asipewe aspirini nyumbani kwa kubahatisha. Kazi ya familia ni kumfikisha.

Damu haijavuja, basi mzee anapewa aspirini pamoja na klopidogreli, dawa mbili za kuzuia chembe sahani zisishikamane, kwa wiki tatu au hadi siku ya upasuaji kadiri mpasuaji atakavyoamua. Anapewa pia statini ya nguvu ya kushusha kolesteroli na kulituliza gamba. Presha inashushwa taratibu, si kwa pupa, maana mtu mwenye mshipa uliosinyaa akishushwa presha ghafla anaweza kukosa damu kichwani.

Kisha shingo inapimwa. Kipimo cha kwanza ni cha mawimbi ya sauti, kilekile wanachopimwa wajawazito, ila kikiwa na dopla ya kupima mwendo wa damu. Mashine haipimi tu upana wa njia, inapima kasi. Damu ikifika mahali palipobanwa hukimbia, kama maji ya mto yanapopita penye mlango mwembamba kati ya miamba miwili. Kasi ikiwa kati ya sentimita 125 na 230 kwa sekunde katika tawi la ndani, kusinyaa hukadiriwa kuwa asilimia 50 hadi 69. Ikizidi 230, hukadiriwa kuwa asilimia 70 au zaidi. Mzee wetu ana 310 upande wa kushoto, upande unaotawala mkono wake wa kulia na maneno yake. Upande, dalili na picha vinakubaliana. Picha ya pili, ya sitiskani yenye dawa ya kuonyesha mishipa, inathibitisha kusinyaa kwa asilimia 80.

Hapa msomaji aliyeshika ripoti yake mkononi awe makini na neno asilimia. Kuna njia mbili za kuihesabu, moja ya Amerika Kaskazini na moja ya Ulaya, na mshipa mmoja unaweza kuitwa asilimia 70 kwa njia ya kwanza na zaidi ya 80 kwa ya pili. Namba ninazotumia hapa zote ni za njia ya Amerika Kaskazini. Ni haki yako kumuuliza daktari ripoti yako imehesabiwa kwa njia ipi, na asiyeweza kujibu swali hilo asiwe ndiye anayekupangia upasuaji.

Je, apasuliwe? Kwa miaka 30 na zaidi baada ya yule mama wa London, wapasuaji walifanya kazi hii kwa imani zaidi kuliko ushahidi. Ushahidi ulikuja mwaka 1991 kutoka kwenye utafiti mkubwa wa Amerika Kaskazini ulioongozwa na daktari wa Kanada, Henry Barnett. Wagonjwa waliokwisha kupata onyo au kiharusi chepesi, na ambao mshipa wa upande husika ulisinyaa asilimia 70 hadi 99, waligawanywa kwa bahati nasibu: wengine dawa peke yake, wengine dawa na upasuaji. Ndani ya miaka miwili, kati ya kila 100 waliotumia dawa peke yake, 26 walipata kiharusi cha upande ule. Kati ya 100 waliopasuliwa, walikuwa 9. Tofauti ilikuwa kubwa kiasi kwamba sehemu hiyo ya utafiti ilisimamishwa mapema, ili waliobaki na dawa nao wapewe nafasi ya kupasuliwa.

Tuzisome namba hizi kwa utulivu, kwa kuwa huwa zinasomwa kwa ushabiki. Upasuaji uliwaokoa 17 kati ya 100, yaani mmoja kati ya kila sita. Watu 74 kati ya 100 wasingepata kiharusi hata bila kisu. Na kisu chenyewe kina bei: karibu 6 kati ya 100 walipata kiharusi au kufariki ndani ya siku 30 za upasuaji, ingawa viharusi vikubwa na vifo vilikuwa karibu 2 tu. Isitoshe, wagonjwa wale walitibiwa enzi ambazo statini ndiyo kwanza zinaingia sokoni. Dawa za leo ni bora, kwa hiyo wale 26 leo wangekuwa wachache zaidi. Kwa kusinyaa kukubwa kwenye dalili, faida bado inabaki. Kwa asilimia 50 hadi 69 faida ni ndogo: katika miaka mitano, viharusi 22 dhidi ya karibu 16, na wanaume wanafaidika zaidi kuliko wanawake. Chini ya asilimia 50, kisu hakisaidii kabisa. Na mshipa ulioziba asilimia 100 haufunguliwi. Watu hushangaa kusikia hivyo, wakidhani ulioziba kabisa ndio unaohitaji kuzibuliwa kuliko yote. Lakini pale damu haipiti tena kulichukua donge na kulipeleka juu, na majaribio ya kuupita mshipa huo kwa kuunganisha mwingine hayakuleta nafuu.

Sasa tunafika kwenye jambo ambalo kwa maoni yangu ndilo kiini cha habari yote hii, nalo ni kalenda. Rothwell alikusanya data za tafiti kubwa za Amerika na Ulaya akauliza: mgonjwa alipasuliwa siku ngapi baada ya onyo la mwisho? Jibu lilitoka mwaka 2004. Wakipasuliwa ndani ya wiki mbili, inatosha kuwapasua watu 5 ili kuzuia kiharusi kimoja katika miaka mitano. Wakisubiri zaidi ya wiki 12, inabidi kuwapasua 125 kwa kiharusi hicho kimoja. Mshipa ni uleule, mpasuaji ni yuleyule, bei ya kisu haijapungua. Kilichoyeyuka ni faida. Gamba lililochanika hupona taratibu na kujifunika, na waliokuwa wapate kiharusi wameshakipata wakiwa kwenye foleni.

Ndiyo maana karatasi ya "njoo kliniki baada ya mwezi" inanikera. Mwezi mmoja kwa mgonjwa wa goti ni usumbufu. Kwa mzee wetu wa Tabora, ni sehemu kubwa ya faida iliyotupwa. Rufaa yake iandikwe siku hiyohiyo, simu ipigwe kwa hospitali inayompokea, picha zitumwe kabla hajapanda gari, na juu ya barua iandikwe kwa herufi kubwa tarehe ya dalili ya mwisho. Tarehe hiyo ina uzito kuliko historia nzima ya maisha yake.

Tuseme amefika, na siku ya saba yuko mezani. Hakuna barafu tena. Anaweza kulazwa usingizi au kuchomwa ganzi ya shingo tu. Utafiti wa wagonjwa zaidi ya 3,500 uliochapishwa mwaka 2008 haukuona tofauti ya maana kati ya njia hizo mbili. Penye ganzi ya shingo huwa kuna jambo la kuchekesha kidogo: mgonjwa huwekwa mkononi mdoli wa mpira unaolia akibonyezwa, na kila baada ya muda mfupi mtoa ganzi humwambia, "Mzee, bonyeza." Mdoli ukinyamaza wakati mshipa umebanwa, timu inajua mara moja kwamba ubongo haupati damu ya kutosha, na mrija wa muda unawekwa wa kuipitisha damu huku kazi ikiendelea.

Kazi yenyewe inahitaji mkono uliotulia. Shingo inapasuliwa pembeni, karotidi inafichuliwa, mgonjwa anapewa heparini ili damu isigande, vibano vinawekwa juu na chini. Mshipa unafunguliwa kwa urefu. Gamba, ambalo limejishikiza kwenye tabaka la ndani, linabanduliwa polepole hadi litoke zima, la njano, mara nyingi likiwa na jeraha linaloonekana kwa macho. Ukingo wa juu unalainishwa usije ukanyanyuliwa na damu. Mshipa hufungwa kwa kushonea kiraka ili usisinyae tena, kisha vibano vinaachiwa kwa mpangilio: damu inaelekezwa kwanza tawi la uso, ili kama kuna uchafu uende huko na si kichwani.

Yanayoharibika yanajulikana. Kiharusi mezani ni kile tulichokwisha kukihesabu. Moyo unaweza kushtuka, kwa kuwa mwenye gamba shingoni mara nyingi analo na kwenye mishipa ya moyo. Neva za ulimi na sauti hupita jirani, zikivutwa mgonjwa anaweza kuamka na ulimi uliopinda au sauti ya kukwaruza, kwa kawaida kwa wiki chache. Damu ikivuja chini ya ngozi saa za mwanzo, shingo huvimba na kubana koromeo, na hapo muuguzi wa zamu asingoje ruhusa ya mtu. Na kuna lile linalotokea mgonjwa akiwa ameshaanza kujisikia mzima, siku kadhaa baadaye: kichwa kinauma vibaya upande uliopasuliwa, presha iko juu, pengine degedege. Ubongo uliozoea damu kidogo umefunguliwa mfereji mkubwa, na presha isiposhushwa unaweza kuvuja. Maumivu ya kichwa ya namna hiyo ni ya kurudi hospitali, si ya panado.

Njia ya pili ni stenti. Waya mwembamba hupitishwa kutoka kwenye mshipa wa kinena hadi shingoni, kichujio kidogo hufunguliwa juu ya penye gamba ili kudaka vipande, kisha bomba la wavu wa chuma hutanuliwa na kulibana gamba ukutani. Hakuna kidonda shingoni, mgonjwa anatoka mapema, na ni rahisi kuona kwa nini watu wanaipenda. Lakini waya unapopita kwenye gamba bichi unalichokoza. Utafiti wa Marekani na Kanada uliochapishwa mwaka 2010, wenye wagonjwa zaidi ya 2,500, ulionyesha kwamba siku za mwanzo stenti ilileta viharusi zaidi, karibu 4 kati ya 100 dhidi ya 2, huku upasuaji ukileta mshtuko wa moyo zaidi, karibu 2 dhidi ya 1. Wakishavuka mwezi wa kwanza, njia zote mbili zinalinda sawa kwa miaka mingi.

Umri una neno lake hapa, tena kinyume na tunavyodhani. Wengi wangesema mzee sana aepushwe na kisu apewe stenti. Namba zinasema waliovuka miaka 70 ndio stenti inawaumiza zaidi, kwa kuwa mishipa yao imepindapinda na kujaa chokaa, na waya una safari ndefu ya kupita humo. Na zile siku za mwanzo baada ya onyo, ambazo ndizo zenye faida kubwa, ndizo pia ambazo stenti ina hatari kubwa zaidi ikilinganishwa na kisu. Stenti ina watu wake: aliyewahi kupigwa mionzi ya saratani shingoni, aliyepasuliwa hapo zamani na mshipa ukasinyaa tena, ambaye gamba lake liko juu nyuma ya taya pasipofikika, au ambaye moyo wake hauwezi kuhimili upasuaji. Mzee wetu, wa miaka 71 na siku saba baada ya onyo, ni wa kisu.

Swali moja zaidi la kumuuliza mpasuaji, na liulizwe kwa adabu lakini liulizwe: kati ya wagonjwa wako 100 wenye dalili, wangapi hupata kiharusi au kufariki? Ikiwa ni zaidi ya 6, faida ya kisu imeanza kuliwa. Ikiwa hahesabu, au amefanya upasuaji huu mara chache sana, bora mgonjwa apelekwe pengine hata kama ni mbali, ilimradi siku hazipotei.

Wasiokuwa na dalili ni habari nyingine. Siku hizi vifurushi vya kupimwa mwili mzima vinauzwa hadi kwa vijana, na shingo imo. Mtu mzima wa afya anatoka na karatasi yenye asilimia 60 na usingizi umemwisha. Hatari yake ya kiharusi upande huo, akimeza dawa vizuri, ni karibu mtu mmoja kati ya 100 kwa mwaka, mbali kabisa na hesabu ya mzee wetu. Matokeo ya utafiti mkubwa wa Marekani yaliyotolewa mwishoni mwa 2025, kwa watu wasio na dalili wenye kusinyaa kwa asilimia 70 au zaidi, yalionyesha kuwa baada ya miaka minne waliopata kiharusi, au waliofariki siku za mwanzo za tiba, ni karibu 6 kati ya 100 kwa dawa pekee na karibu 3 kwa stenti. Kwa upasuaji tofauti ilikuwa ndogo kiasi cha kutoweza kutofautishwa na bahati. Hilo ni jambo la kujadiliwa bila haraka. Mpasuaji akikuharakisha wakati hujawahi kulegea wala kupofuka hata dakika moja, omba maoni ya pili. Na kupima shingo za watu wazima wote wasio na dalili, jopo la Marekani linaloshauri kuhusu kinga limekataa waziwazi.

Niseme pia kwamba karotidi si mlango wa kila kiharusi. Tafiti za Marekani za miaka mingi zimeonyesha kuwa watu weusi hupata zaidi kusinyaa kwa mishipa iliyo ndani ya fuvu, isiyofikiwa na kisu hiki, na wazungu zaidi ile ya shingoni. Kwetu presha ndiyo mkosaji mkuu. Hiyo haiifanyi dopla ya shingo kuwa anasa kwa aliyepata onyo; inamaanisha tu kwamba wengi watapimwa na kukutwa hawana, nao watabaki na dawa, ambazo kwao ndizo tiba yenyewe.

Basi mkono wa mtu wa nyumbani kwako ukilegea, au jicho moja likiingia giza, au maneno yakivurugika, hata kwa dakika tano, hata kama sasa anacheka na kuomba chai: tazama saa, andika ni upande gani, chukua dawa zake zote kwenye mfuko, umpeleke hospitali leo. Ukifika, usiseme presha ilipanda. Sema upande ulilegea saa ngapi na ukarudi saa ngapi, na kabla hujaondoka uliza ni lini, ndani ya wiki hii, shingo itapimwa.